Ile Picha ya Panya Niliyowatumia: Nilikosea, na Hivi Ndivyo Nimerekebisha

Wasee, leo sina mada mpya. Leo niko na deni.

Kama umekuwa ukinifuata tangu mwaka jana, unakumbuka posti yangu ya unga. Ile iliyokuwa na picha ya panya weupe wenye uvimbe mkubwa ajabu, na kichwa kilichouliza kama ugali wetu ni sumu. Ndiyo posti yangu iliyosomwa kuliko zote. Ilizunguka kwa magrupu ya watsapu hapa Lanet mpaka ikanirudia mimi mwenyewe, imetumwa na shangazi yangu: "Soma hii kijana, uache kula ovyo." Hakujua ni mimi niliandika.

Wiki tatu zilizopita niliamua kuifanyia video. Picha niliyokuwa nayo ilikuwa imechakaa kwa kutumwatumwa, kwa hivyo nikaenda kwa tovuti ya jarida lenyewe kutafuta iliyo safi. Ukurasa ukafunguka, na juu kabisa, kabla hata ya kichwa cha makala, kulikuwa na neno RETRACTED. Nikafungua PDF. Neno lile lile, kwa herufi kubwa nyekundu, limelazwa juu ya maandishi kurasa baada ya kurasa.

Maana yake ni kwamba utafiti ulibatilishwa. Jarida lililouchapisha lilisema haliusimamii tena. Na si jana wala juzi. Lilisema hivyo Novemba 2013, wakati mimi bado niko shule ya msingi. Nilikuwa nimewauzia kitu kilichokufa zaidi ya miaka kumi.

Nilifunga simu. Nikaifungua tena. Neno bado liko.

Jambo la kwanza lililonijia akilini halikuwa sayansi. Lilikuwa Shosho. Si nyanya yangu wa damu, ni jirani yetu, mtaa mzima tunamwita hivyo. Mume wake alikufa kwa saratani ya koo mwaka 2019. Mjukuu wake alimsomea posti yangu, na siku mbili baadaye Shosho akanisimamisha pale kwa kinu cha posho akaniambia, "Si ungeandika mapema. Mimi ndiye nilikuwa nampikia." Mimi nikamjibu pole tu, nikaenda zangu. Na moyoni, niseme ukweli, nilifurahi kwamba posti inafika mbali.

Sasa tukae chini tuangalie huo utafiti ulikuwa nini, juu hata mimi wakati naandika sikuwa nimeusoma. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza na kuangalia picha.

Uliongozwa na Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, na ulitoka Septemba 2012 katika jarida linaloitwa Food and Chemical Toxicology. Walichukua panya 200, wa kiume 100 na wa kike 100, wakawafuga kwa miaka miwili. Wengine walilishwa mahindi ya NK603, ambayo yamebadilishwa jeni ili yasife yakipuliziwa dawa ya magugu ya Roundup. Wengine walikula mahindi hayo yaliyopuliziwa Roundup shambani. Wengine waliwekewa Roundup kwa maji ya kunywa. Na wengine walipewa mahindi ya kawaida na maji safi, ili kuwe na cha kulinganishia. Waandishi walisema panya waliokula mahindi yale au kunywa dawa walipata uvimbe zaidi na kufa mapema.

Kwetu Kenya habari hiyo haikubaki kwa magazeti. Tarehe 8 Novemba 2012 Baraza la Mawaziri chini ya Rais Mwai Kibaki lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, na Waziri wa Afya ya Umma wa wakati huo, Beth Mugo, aliutaja utafiti huu kama sababu. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilikuwa imeshautazama mwezi mmoja kabla, Oktoba, na kusema hautoshi kutegemewa. Mwaka uliofuata jarida likaubatilisha. Marufuku yetu ikaendelea mpaka tarehe 3 Oktoba 2022, serikali ya Rais Ruto ilipoiondoa, na suala likaenda mahakamani.

Sasa, kwa nini ulibatilishwa? Hapa ndipo nilikaribia kukosea mara ya pili. Niliposoma neno "kubatilishwa" nilidhani maana yake ni wizi: mtu amebuni data, amepika namba. Nikaanza kuandika posti ya hasira, "Tulidanganywa." Bahati nzuri kabla ya kuituma nilisoma tangazo lenyewe la jarida. Lilisema waliomba data mbichi, wakaletewa, wakaikagua, na hawakuona ushahidi wa udanganyifu wala wa kupotosha kwa makusudi. Walichosema ni kwamba idadi ya panya na aina ya panya haziruhusu kufikia hitimisho. Utafiti hauwezi kusema ndiyo, na hauwezi kusema hapana.

Hiyo ni tofauti kubwa, na inabadilisha sentensi utakayoandika. Utafiti uliobuniwa ni uwongo. Utafiti usiotosha ni mizani mbovu: mwenye duka huenda hakukusudia kukuibia, lakini kilo aliyokupimia huwezi kujua ni kilo.

Twende kwa hesabu, pole pole. Panya 100 wa kila jinsia waligawanywa vikundi kumi, kila kikundi panya kumi. Kati ya vikundi hivyo kumi, kimoja tu ndicho kilikula chakula cha kawaida. Vile vingine tisa vilipewa mahindi ya GMO au dawa. Kwa hivyo kwa upande wa kike, kwa mfano, panya 90 walikuwa wanalinganishwa na panya kumi.

Tena panya wenyewe ni wa aina ya Sprague-Dawley, na hao wanajulikana kwa kuota uvimbe wenyewe wakizeeka, hata ukiwalisha vizuri. Hapa kwetu watu wanafuga broila, kwa hivyo utanielewa haraka. Broila huuzwa akiwa na wiki kama sita. Ukimweka miaka miwili halafu afe kwa miguu na moyo, huwezi kukimbilia kulaumu chakula ulichonunua agroveti. Kwanza lazima ujue broila wa miaka miwili aliyekula chakula kingine angekuwa na hali gani, na kuku mmoja wa jirani hatoshi kukuonyesha.

Nilitaka kuona kwa macho yangu panya kumi wanaweza kudanganya kiasi gani. Nikachukua sarafu za shilingi kumi, zile mpya zenye simba. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nusu ya panya wa aina hii wataota uvimbe hata kama hakuna sumu yoyote. Basi kila sarafu ni panya mmoja: ikionyesha simba, amepata uvimbe, ikionyesha nembo, yuko sawa. Rusha sarafu kumi, hicho ni kikundi kimoja.

Ungetarajia simba watano. Lakini hesabu inaonyesha kwamba karibu mara 17 katika kila mara 100 utapata simba saba au zaidi, bila sababu yoyote, ni sarafu tu. Ukirusha kwa ajili ya vikundi tisa, nafasi ya kwamba angalau kikundi kimoja kitakuwa na simba saba au zaidi inafika kama 80 kwa 100. Mimi nilipata kikundi cha simba wanane raundi ya nne. Ningekuwa na haraka, ningekipiga picha.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kile kikundi kimoja cha kulinganishia. Nacho ni sarafu kumi. Karibu mara 17 kwa 100 kitatokea na simba watatu au chini. Kikipata bahati hiyo, ghafla vikundi vyote tisa vinaonekana vibaya kwa wakati mmoja, na hakuna kilichobadilika ila bahati ya panya kumi. Ndiyo maana mwongozo wa OECD wa kupima kama kitu kinaleta saratani unataka angalau panya 50 wa kila jinsia katika kila kikundi. Séralini na wenzake walijitetea kwamba panya kumi hutumika katika majaribio ya siku 90 ya kupima sumu, na hilo ni kweli. Lakini siku 90 za kupima damu na figo ni swali moja, na miaka miwili ya kuhesabu uvimbe kwa panya wanaoota uvimbe wakizeeka ni swali lingine.

Halafu kuna picha. Hiyo ndiyo iliniuma kabisa, kwa sababu posti yangu ilisimama juu ya picha. Picha za panya wenye uvimbe katika makala ile ni za waliokula mahindi ya GMO au dawa tu. Hakuna hata moja ya panya wa kikundi cha kawaida, na hao pia kuna waliopata uvimbe. Mtu akikuonyesha upande mmoja tu wa mlinganisho, hajakuonyesha mlinganisho. Mimi nilikuwa nimewaonyesha nyinyi hivyo hivyo, na mshale mwekundu nikachora.

Sasa nifanye nini? Nilikuwa na njia kadhaa, na zote isipokuwa moja zilikuwa tamu.

Njia ya kwanza ilikuwa kufuta posti. Bonyeza mara mbili, imekwisha, hakuna anayeuliza. Lakini posti haikai kwangu peke yangu. Iko kwa simu ya shangazi, iko kwa grupu la chama, iko kwa kichwa cha Shosho. Nikiifuta, ninachofuta ni mahali pekee ambapo mtu angekuta marekebisho. Hata jarida lenyewe halikufuta makala. Bado iko pale pale, inasomeka mwanzo hadi mwisho, ila imepigwa muhuri. Nikaona kama wao wameiacha wazi na aibu yake juu, mimi ni nani nifiche yangu?

Njia ya pili ilikuwa ya ujanja zaidi, na nusura niifuate. Nilipochimba niligundua kwamba Juni 2014 utafiti ule ule ulichapishwa upya katika jarida lingine, Environmental Sciences Europe. Kwa hivyo ningeweza kubadilisha linki moja tu, niondoe ile yenye RETRACTED niweke hii isiyo na muhuri, na posti ingeonekana safi. Hakuna neno ambalo ningesema lingekuwa uwongo. Lakini panya ni wale wale, kumi kumi. Jarida la pili halikuufanyia ukaguzi mpya wa kisayansi, lilitegemea ule uliofanywa na jarida la kwanza kabla ya kuchapisha. Kutaja toleo la 2014 bila kutaja kilichotokea 2013 ni kama kuuza gari lililopata ajali baada ya kulipaka rangi. Ukitaka kulitaja toleo hilo, taja yote mawili: ulibatilishwa, kisha ukachapishwa upya.

Njia ya tatu ilikuwa kugeuka kabisa. Niandike, "Nilikosea, GMO ni salama, tulieni." Watu wanapenda sana mtu akibadilika hivyo, ni drama. Lakini kubatilishwa kwa utafiti unaosema kitu ni kibaya si ushahidi kwamba kitu ni kizuri. Kunakurudisha mahali ulipokuwa kabla ya kuusoma, basi. Kama nataka kusema lolote kuhusu usalama wa NK603, lazima nitafute utafiti mwingine unaosimama kwa miguu yake. Upo: mradi wa Ulaya uitwao G-TwYST uliwalisha panya mahindi hayo hayo kwa miaka miwili, wakiwa 50 wa kila jinsia katika kila kikundi, na matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuonyesha madhara yaliyotokana na mahindi yale. Hiyo naweza kuiandika. Lakini ni mahindi ya NK603, si kila kitu kinachoitwa GMO duniani.

Na kuna swali ambalo najua mtaniuliza, kwa hivyo nalijibu hapa. Je, kampuni haikusukuma utafiti ubatilishwe? Barua zilizotolewa Marekani mwaka 2017 kwenye kesi dhidi ya Monsanto zilionyesha kwamba mhariri wa jarida lile aliwahi kuwa na mkataba wa ushauri na kampuni hiyo, na hilo linanuka, siwezi kulificha. Upande wa pili nao haukuwa msafi. Waandishi wa habari walioonyeshwa utafiti kabla haujatoka walitakiwa kwanza kukubali kutouliza wanasayansi wengine maoni yao, na kiongozi wa utafiti alikuwa na kitabu kinachotoka wakati huo huo. Nimeyaandika yote mawili. Lakini hata ukiamini mabaya yote kuhusu kila mtu, panya wanabaki kumi. Hesabu ya sarafu haijui nani alimlipa nani.

Kwa hivyo nikachukua njia ya nne, ambayo ni kazi. Niliiandika posti yangu ya zamani kwa mkono kwenye daftari, sentensi moja kila mstari, na mbele ya kila sentensi nikajiuliza: utafiti huu ukiondoka, wewe unasimama juu ya nini?

Sentensi iliyosema wanasayansi wamethibitisha kwamba mahindi ya GMO yanaleta uvimbe ilianguka mara moja. Haikuwa na mguu mwingine. Picha na mshale wake vikaanguka nayo. Sentensi iliyosema Kenya ilipiga marufuku GMO mwaka 2012 ilibaki, kwa sababu ni historia, lakini ilikuwa nusu ya hadithi, nikaongeza kwamba utafiti uliotajwa ulibatilishwa mwaka mmoja baadaye. Sentensi kuhusu hataza, kwamba mbegu kama hizi zina mwenyewe na mkulima anapaswa kujua masharti kabla ya kupanda, haikuwahi kutegemea panya. Ilibaki kama ilivyo. Kumbe mtu anaweza kuipinga GMO kwa sababu za mbegu na biashara bila kumbeba panya hata mmoja.

Ya mwisho ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Niliandika, "Kwa hivyo unga ulioko jikoni kwako ni sumu." Hii haingesimama hata kama utafiti ungekuwa mzima. Wakati ninaozungumzia, mahindi ya GMO hayakuwa yakiuzwa kwa wakulima wetu kupanda. Niliruka kutoka panya wa Ufaransa hadi sufuria ya Lanet bila daraja. Kubatilishwa kwa utafiti kulinionyesha kosa la wengine, lakini hilo lilikuwa langu mwenyewe.

Baada ya hapo niliandika marekebisho, nikayaweka juu kabisa ya posti ya zamani, si chini ambako hakuna anayefika. Yanasema hivi:

"MAREKEBISHO. Posti hii ilitegemea utafiti wa Séralini na wenzake wa 2012. Utafiti huo ulibatilishwa na jarida lililouchapisha Novemba 2013, kabla mimi sijaandika. Jarida halikuona udanganyifu, lilisema idadi na aina ya panya hazitoshi kufikia hitimisho. Ulichapishwa upya kwingine 2014 ukiwa na panya wale wale. Nimeondoa picha na madai ya kwamba GMO inaleta uvimbe. Nimeondoa pia sentensi iliyosema unga wako ni sumu, ambayo haikuwa na ushahidi wowote. Sehemu ya hataza za mbegu haikutegemea utafiti huu na imebaki. Sikukagua nilipoandika. Kosa ni langu."

Maneno niliyoondoa sikuyafuta, nimeyapiga mstari katikati ili yasomeke. Kichwa cha posti nimekibadilisha, kwa sababu watu wengi husoma kichwa tu. Halafu nikatuma marekebisho kwa kila grupu ambalo nakumbuka nilituma posti ya kwanza. Shangazi alijibu kwa emoji ya kushangaa. Marekebisho yamesomwa na watu wachache sana ukilinganisha na panya, na nilijua itakuwa hivyo.

Sasa, nilikwama wapi? Watu wataniambia ni kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili. Labda. Lakini kosa lenyewe lilikuwa dogo na la kawaida. Niliipata makala kama PDF iliyotumwa watsapu, na PDF iliyopakuliwa kabla ya Novemba 2013 haina muhuri. Jarida linaweza kupiga muhuri nakala iliyo kwenye tovuti yake, haliwezi kuingia kwa simu yako. Faili langu lilikuwa safi kabisa, na litabaki safi milele.

Kwa hivyo sasa situmii faili kama ushahidi. Kila makala ina namba yake inayoanza na 10, imeandikwa ukurasa wa kwanza. Naichukua, naiweka mbele ya doi.org, na inanipeleka kwenye ukurasa wa jarida kama ulivyo leo. Jaribu hii uone nilichoona mimi:

```
https://doi.org/10.1016/j.fct.2012.08.005
```

Nikitaka uhakika zaidi natafuta jina la makala kwenye orodha ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 iko wazi kwa kila mtu kupitia Crossref. Nikikuta imebatilishwa, nasoma tangazo lenyewe kujua ni kwa sababu gani, kabla sijaandika neno. Yote hayo hayamalizi dakika tano wala bando.

Imebaki Shosho. Hiyo haikuwa ya kutuma watsapu.

Nilienda Jumapili jioni. Nilimkuta anapukuchua mahindi ya shamba lake mwenyewe, nikakaa nikasaidia. Nikamwambia ile habari niliyoandika haikuwa sawa, utafiti uliondolewa zamani, na mimi sikuangalia. Aliendelea kupukuchua. Halafu akasema, "Lakini sisi tulikuwa tunapanda hiyo ya paketi. Ya agroveti. Haibridi." Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho posti yangu haikuwahi kueleza. Kwake haibridi na GMO ni kitu kimoja. Nikamweleza kwamba haibridi ni mahindi mawili yaliyozalishwa pamoja, poleni ya hii kwa ile, kama unavyopandisha ng'ombe wako kwa dume wa aina nyingine. Hakuna aliyeingia ndani ya mbegu kubadilisha jeni kwenye maabara. Unga aliompikia mume wake ulitoka kwa shamba hili hili tunaloliona.

Alinyamaza muda mrefu. Gunzi likaanguka, hakuliokota.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, Shosho. Hakukuwa na kitu cha kukufanya ufikirie hivyo, isipokuwa nilichoandika mimi."

"Basi ni nini kilimuua?"

Nilitamani sana kuwa na jibu. Nilikuwa na posti nzima ya jibu mwaka jana. Nikamwambia hata daktari hakutuambia ilianzia wapi, na mimi sitamwambia kitu ambacho sijui. Akatingisha kichwa, akanisukumia gunzi lingine. "Haya, malizia hayo, giza linaingia."